Siku moja maishani mwangu: kufunga mradi wa maji Mtwara Vijijini

Saa 12 asubuhi. Chai na ming'oko ya kuchemsha, kisha nafungua tena rasimu ya ripoti ya kufunga mradi. Jana bosi aliipenda sehemu ya bajeti: tulipewa milioni 186, tumelipa milioni 178, "tumeokoa milioni 8".

Saa 2, ofisini. Sijalala vizuri kwa ajili ya hizo milioni 8. Mkataba wa mkandarasi ni milioni 140, na asilimia 5 yake, yaani milioni 7, tumeizuia hadi kipindi cha matazamio, yaani cha kungoja kuona kama kazi ina kasoro, kiishe. Haijalipwa, lakini ina mwenyewe. Baki halisi ni milioni 1. Nabadilisha jedwali, naongeza safu ya "deni lisilolipwa bado". Bosi ananuna kidogo, anakubali.

Saa 4, bodaboda hadi kijijini. Vumbi lote la Mtwara liko kooni mwangu.

Sehemu ya kazi zilizokabidhiwa inasema kisima, tangi na vituo 8 vya kuchotea maji. Napima kila kituo kwa ndoo ya lita 20, bomba za vituo vyote zikiwa wazi. Vituo saba vinajaza ndoo ndani ya dakika mbili. Cha nane, kule mlimani karibu na mikorosho, kinachukua dakika sita. Tukifunga vingine, kinajaza vizuri. Basi bomba halijaziba, ila presha inaliwa njiani kabla ya kupanda mlima.

Saa 7 namkuta mwenyekiti wa kamati ya maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta karatasi ya kusaini vituo vinane?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nimepokea saba."

Nilitaka kumwambia kasoro hiyo itakatwa kwenye fedha tuliyozuia. Nikashuka kwenye mtaro uliokuwa wazi, nikasoma kipenyo kilichochapwa kwenye bomba. Ni kilekile cha kwenye mchoro. Mkandarasi alifuata alichoambiwa. Kosa ni la usanifu, yaani letu. Milioni 7 zake hatuwezi kuzigusa.

Saa 10, ofisini. Fundi ananikadiria milioni 2.4 kuweka bomba pana zaidi kwenye kipande hicho. Tuna milioni 1. Kwenye masuala yasiyotatuliwa naandika: kituo cha 8, chanzo ni usanifu, anayewajibika ni ofisi yetu, upungufu milioni 1.4, chanzo cha fedha hakijapatikana. Siku ya mwisho ya marekebisho naiacha wazi hadi bosi aijaze mwenyewe, maana nikiweka tarehe yangu hakuna atakayeijali.

Ukurasa wa saini una jina, cheo, tarehe na muhuri. Nimeongeza nafasi ya maoni. Mzee ameshaijaza kwa kalamu ya bluu: "Tumepokea vituo 7. Cha 8 tunasubiri." Mstari wa bosi bado mtupu, na leo ameondoka mapema.