Padi inayojivuta kushoto: nilivyoipima na kuirekebisha bila kuifungua

Kwenye vibanda vya gemu vya Mwanza, kuanzia Nyakato hadi Igoma, padi haipumziki. Inashikwa asubuhi na kuachwa usiku, na kila mteja ana mkono wake. Baada ya muda unasikia lile lalamiko la kawaida: "Kaka, hii gari inajivuta yenyewe." Kabla ya kufikiria padi mpya au kwenda kwa fundi, kuna kazi ya nusu saa inayofaa kufanywa kwanza. Hapa nitaeleza nilivyoifanya kwa padi moja ya PS4, kwenye gemu la F1 22. Nililichagua hilo kwa sababu lina ukurasa mzuri wa kurekebisha, na mashindano ya gari yanaanika makosa ya analogi na ya R2, trigi ya mafuta, kwa pamoja.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba PS4 yenyewe haina mahali pa kupanga dedizoni, yaani sehemu ya katikati ya analogi ambayo gemu linaipuuza. Ukizunguka kwenye Settings za mashine utapata mtetemo, sauti na mwanga wa padi, basi. PS5 yenye padi ya kawaida inakuongezea nguvu ya ukinzani wa trigi, lakini dedizoni ya mfumo mzima utaipata tu ukiwa na ile padi ya bei kubwa, DualSense Edge. Sisi wengine tunapanga ndani ya gemu, na kila gemu linapangwa kivyake.

Sikuanza na gemu, nilianza na simu. Padi ya PS4 inaungana na Androidi kwa bluetuthi (kuanzia Androidi 10 haisumbui): shikilia PS na SHARE kwa pamoja mpaka taa imwekemweke harakaharaka, kisha iunganishe kama spika yoyote. Fungua kwenye brauza ukurasa wowote wa kupima padi za gemu, halafu bonyeza kitufe kimoja, maana bila hivyo ukurasa hauioni padi. Analogi ya kushoto inasomeka kama Axis 0 kwa kulia na kushoto, na Axis 1 kwa juu na chini. Namba zinakwenda kutoka -1 hadi 1, na katikati panapaswa kuwa 0. L2 na R2 zinasomeka kutoka 0 hadi 1.

Kosa la wengi ni kuitazama padi ikiwa imelala mezani na kusoma namba moja. Analogi iliyochakaa hairudi mahali pamoja kila mara. Isukume mpaka mwisho kushoto, iachie, soma. Kisha kulia, iachie, soma. Rudia mara kumi hivi. Padi niliyokuwa nayo ilikuwa inatulia kwenye -0.09 ikitoka kushoto na -0.03 ikitoka kulia. Inayokuhusu ni ile kubwa, 0.09, kwa sababu dedizoni lazima ifunike hali mbaya kuliko zote. L2, trigi ya breki, ilikuwa inabaki 0.03 hata bila kidole. R2 nayo ilikuwa inaishia 0.91 kwa kubonyeza kwa kawaida, ingawa ukiikandamiza kwa hasira inapanda zaidi. Ndani ya hiyo trigi kuna mpira wenye kaboni unaobanwa juu ya utando wa mawasiliano, na ukichoka unadai nguvu zaidi kutoa namba ileile. Ndiyo maana vijana wanaikandamiza, na ndiyo maana inazidi kuchoka.

Ukimaliza, irudishe padi kwa PS4 kwa waya na kubonyeza PS, la sivyo itaendelea kuitafuta simu.

Ndani ya gemu nenda Settings, kisha Controls, Vibration & Force Feedback, chagua padi yako, halafu Calibration. Uzuri wa ukurasa huo ni kwamba unaona mstari ukicheza jinsi unavyogusa. Nilianza na Steering Deadzone. Simu ilisema 0.09, lakini sikuandika 9 moja kwa moja, kwa kuwa namba ya gemu si lazima ilingane na ya simu. Nilianza na 5, nikaisukuma analogi kushoto na kuiachia, mstari ukabaki umechungulia kidogo. Niliongeza moja moja. Kwenye 9 ulitulia, mara moja moja ukarukaruka. Kwenye 11 ulikufa kabisa, nikaishia hapo.

Kwa nini nisiweke 20 na kulala usingizi? Kwa sababu gemu likishakata sehemu ya katikati linaanza kuhesabu upya kutoka ukingoni mwake. Mara nyingi hesabu ni hii, x ikiwa analogi ilipo, d ikiwa dedizoni na y ikiwa kinacholifikia gari:

```
y = (x - d) / (1 - d)
```

Ukisukuma analogi hadi 0.30 na dedizoni ni 0.10, gari linapata 0.22. Dedizoni ikiwa 0.20, linapata 0.125 tu. Mkono uleule, kona ileile, usukani karibu nusu. Dereva anaongeza kusukuma, gari linachelewa halafu linaruka. Mtu akikwambia gari "limekuwa zito katikati", punguza dedizoni kabla ya kugusa kitu kingine.

Kwa R2, dawa si dedizoni bali Throttle Saturation. Hii inafanya gemu lione mafuta yamejaa kabla trigi haijafika mwisho. Niliipandisha mpaka mstari ukajaa kwa kubonyeza kwa kawaida, bila kukandamiza; kwangu ilikuwa 12. Usipite hapo, maana mafuta yakijaa mapema mno matairi ya nyuma yanazunguka bure unapotoka kona ya polepole, hasa ukiwa umezima msaada wa traction control. Tofauti utaiona Monza: kwenye njia ndefu zile, gari linalopewa 0.91 ya mafuta linapitwa na kila mtu, na mchezaji anadhani tatizo ni seti-apu.

L2 ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu 0.03 ya breki huioni kwa macho. Gari linakwenda huku breki zikisugua, zinapata moto na spidi haifiki. Brake Deadzone ya 5 ilitosha. Brake Saturation niliiacha sifuri, kwa kuwa L2 bado ilikuwa inafika mwisho.

Baada ya hapo endesha mizunguko mitatu, usiangalie muda. Kwenye njia iliyonyooka toa kidole gumba kwenye analogi: gari lisipinde. Kisha jaribu kona ya kugeuka kabisa, kama ile ya Monaco. Usukani usipofika mwisho, ongeza Steering Saturation kidogo.

Kuna padi ambayo haya hayaisaidii. Rudi kwenye simu, izungushe analogi taratibu. Namba ikiruka ghafla, mathalani kutoka 0.05 hadi 0.40 na kurudi, njia ya kaboni ndani ya kifaa kinachopima mwendo wa analogi imekwanguka. Mruko huo unatokea nje ya dedizoni yoyote utakayoweza kuchezea nayo, kwa hiyo hapo ni kubadilisha analogi yenyewe, kazi ya kuchomelea miguu yake 14 kwenye bodi. Na kumbuka mipangilio hii haitoki nje ya gemu: kwenye menyu ya PS4 padi ileile itaendelea kujivuta. Mimi niliibandika utepe na kuiacha iwe ya gari tu, wa mpira wanapewa nyingine.