Siku moja ya msomaji wa kadi za harusi

Saa 2:00 asubuhi huwa nimeshakaa mezani katika duka letu la uchapaji hapa Dar es Salaam, nikiwa na rula, kalamu nyekundu na sampuli za kadi zilizotolewa jana jioni. Watu wengi hudhani kazi yangu ni kutafuta herufi zilizokosewa, lakini makosa yanayoharibu harusi mara nyingi hukaa ndani ya maneno yaliyoandikwa sawasawa kabisa. Siku niliyoichagua kuisimulia ilianza kwa kadi mbili nyepesi, moja ya ndoa ya msikitini na nyingine ya kumuaga binti, ambazo zote zilipita kabla ya saa 4:00.

Kadi ya tatu ndiyo iliyokula siku. Ilikuwa kadi 300 za kanisani, na aliyeileta ni baba mdogo wa bwana harusi, mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa amesimama kaunta akitaka zichapwe siku hiyohiyo. Nilianza na majina, nikiyasoma herufi moja moja huku mwenzangu akinifuatia kwenye karatasi aliyoiandika mama wa bibi harusi mwenyewe, kwa sababu hakuna kanuni itakayokuambia kama binti ni Asha au Aisha. Anayejua ni mwenye jina. Majina huandikwa kwa herufi kubwa za mapambo, na jicho huyapita haraka likiamini kwamba kitu kikubwa namna ile hakiwezi kuwa na kosa.

Majina yalikuwa salama. Tarehe ilisomeka «Jumamosi, 13 Desemba 2026», nami nikafungua kalenda kama ninavyofanya kwa kila kadi: tarehe 13 Desemba 2026 ni Jumapili. Mwaka 2025 ndio tarehe hiyo iliangukia Jumamosi, kwa hiyo nilihisi kwamba mtu alitazama kalenda iliyobaki ukutani. Hata hivyo sikuwa na haki ya kusahihisha. Ningebadilisha siku, kadi ingesema Jumapili. Ningebadilisha tarehe, ingesema 12. Na kila moja kati ya hizo ingeonekana safi machoni huku ikiweza kuwapeleka wageni 300 siku isiyo yao.

«Binti, chapa tu, sisi wenyewe tunaijua siku,» alisema yule mzee.

«Shikamoo tena, baba,» nilimjibu, «nyinyi mnaijua, lakini mgeni wa Mbeya ataijua kwa kadi hii tu, na tiketi ya basi ataikata kwa kuifuata.»

Alinuna, akatoka nje kupiga simu, na wakati huo nikaikuta saa. Tafrija iliandikwa «saa 7:00 usiku», yaani baada ya usiku wa manane, jambo lililonionyesha kwamba mwandishi alikuwa akisoma tarakimu za uso wa saa bila kuzigeuza. Hilo peke yake lisingenisumbua, ila lilinifanya nirudi kwenye mstari wa ibada ulioandikwa «saa 9:00» bila asubuhi wala alasiri. Kama aliyeandika hakugeuza saa ya tafrija, basi huenda ibada nayo ilikuwa saa 3:00 asubuhi, na mgeni angefika alasiri akute kanisa limefungwa. Kosa la aina hii halionekani ukisoma kila mstari peke yake. Ni lazima saa zote za kadi zisomwe pamoja.

Mchana ulipita katika kusubiri, kwani mzee alimpigia shemeji, shemeji akampigia katibu wa parokia, na mimi sikula hadi jibu liliporudi: Jumamosi tarehe 12, ibada saa 9:00 alasiri, tafrija saa 1:00 usiku. Nilimwomba ayaandike hayo kwa mkono wake kwenye sampuli na kutia sahihi. Katika muda huo nilikuwa nimezipiga namba mbili za «Majibu kwa», maana kuhesabu tarakimu kumi hakutoshi. Ya kwanza ilipokewa na katibu wa kamati, ya pili na shangazi wa bibi harusi, na majina yao yalilingana na yaliyo kwenye kadi.

Msanifu aliporekebisha mistari ile mitatu, nilidai sampuli mpya na kuisoma yote tangu juu, ingawa macho yalikuwa yakiwasha. Neno «alasiri» lilikuwa limeurefusha mstari wa ibada ukagawanyika mara mbili, maandishi yote ya chini yakashuka, na namba ya shangazi ikawa imevuka alama ya kukatia. Kisu cha mashine kingeiondoa kwenye kila kadi. Tulipunguza nafasi kati ya mistari, nikaisoma mara nyingine, mzee akatia sahihi ya pili bila kusema neno, na kazi ikaingia mashineni jua likizama.