Jinsi nilivyoimudu taarifa ya mtiririko wa fedha: mashine iliyouzwa ndiyo roho ya swali

Katika mitihani ya uhasibu ya ngazi ya kati, swali la taarifa ya mtiririko wa fedha kwa njia isiyo ya moja kwa moja mara nyingi huwa na mashine iliyouzwa. Mashine hiyo moja inagusa sehemu tatu za hesabu kwa mpigo, na ndiyo inayowapotezea watahiniwa alama nyingi. Nililimudu swali hili nilipoanza kuishughulikia mashine kwanza, kabla ya kuandika chochote kwenye taarifa yenyewe.

Tuchukue kinu cha kukamua alizeti hapa Dodoma kinachofunga hesabu zake tarehe 30 Juni. Tarakimu zote ni milioni za shilingi. Faida kabla ya kodi ni 84, baada ya kutoa riba 8 iliyolipwa yote. Gharama ya mitambo imetoka 200 hadi 250, na uchakavu limbikizi umetoka 70 hadi 72. Katika mwaka huo iliuzwa mashine iliyonunuliwa kwa 40, yenye uchakavu limbikizi wa 28, na mnunuzi alilipa 15 taslimu.

Nachora akaunti mbili pembeni. Ya kwanza ni ya gharama ya mitambo: inaanza na 200, inatoka 40 ya mashine iliyouzwa, na lazima iishie 250. Kwa hiyo mitambo mipya iligharimu 90. Ya pili ni ya uchakavu limbikizi: 70 inapungua 28 na kubaki 42, ili ifike 72, uchakavu wa mwaka ni 30. Mtahini hupenda kuificha tarakimu hii. Thamani ya kitabuni ya mashine ni 40 kutoa 28, yaani 12, hivyo kuiuza kwa 15 kumeleta faida ya 3.

Sasa ndipo naingia kwenye shughuli za uendeshaji. Kwenye 84 naongeza riba 8 na uchakavu 30, kisha naondoa ile faida ya 3. Naiondoa kwa sababu fedha zote 15 zitaonekana kwenye uwekezaji, na 3 imo ndani yake. Ikibaki huku itahesabiwa mara mbili. Napata 119. Akiba ya mbegu na mafuta imepanda kutoka 45 hadi 63, jambo la kawaida kwa kinu kinachofunga mwaka mavuno yakiwa yameingia ghalani. Fedha zimegeuka mbegu, kwa hiyo natoa 18. Wadaiwa wamepungua kutoka 32 hadi 26, naongeza 6. Wadai wamepungua kutoka 38 hadi 33, natoa 5. Inabaki 102.

Kodi iliyolipwa si ile ya kwenye taarifa ya mapato. Deni la mwanzo 14, ongeza kodi ya mwaka 25, toa deni la mwisho 17: zimelipwa 22. Nikitoa hizo na riba 8, uendeshaji umeleta 72. Uwekezaji ni rahisi sasa: 90 zimetoka, 15 zimeingia, jumla hasi 75. Mkopo mpya wa 30 na gawio la 20 vinaacha 10. Fedha zimeongezeka kwa 7, kutoka 11 hadi 18, sawasawa na mizania.

Isipolingana, sifuti karatasi. Naiangalia tofauti yenyewe, maana mara nyingi inataja kosa. Tofauti ya 3 ina maana faida ya mauzo haikuondolewa; 6, imeongezwa badala ya kutolewa. Tofauti ya 40 inaonyesha kwamba ununuzi ulichukuliwa kama 250 kutoa 200, mashine iliyotoka ikasahaulika. Tofauti ya 12 humpata anayetumia thamani ya kitabuni ya mitambo yote, 130 na 178, akaongeza uchakavu 30 na kupata ununuzi wa 78: amesahau thamani ya kitabuni ya iliyouzwa. Na 36 ni akiba ya ghalani yenye alama iliyogeuzwa, 18 mara mbili.

Lakini kulingana hakuthibitishi kila kitu. Ukiiacha faida ya 3 kwenye uendeshaji kisha ukaandika mapato ya mauzo kuwa 12, uendeshaji utasoma 75 na uwekezaji hasi 78. Fedha za mwisho zitatoka 18 bila kasoro, huku sehemu zote mbili zikiwa na makosa. Hata kutoa kodi 25 na kulihesabu ongezeko la deni la kodi, 3, pamoja na wadai kunalingana, ila mstari wa kodi iliyolipwa utakuwa na makosa, na fedha zilizotokana na uendeshaji kabla ya riba na kodi zitasomeka 105 badala ya 102. Kwa hiyo baada ya jumla kukubali, narudi kwenye mistari miwili tu: mapato ya mauzo yawe fedha zilizopokelewa, na kodi iwe ile iliyolipwa.