Maswali sita ya kufungulia kipindi cha historia: wiki ya tatu

Wiki ya kwanza nilikosea hesabu. Niliandika maswali kumi ubaoni wanafunzi wakiwa wameshaketi, na hadi tunamaliza kusahihisha, zaidi ya nusu ya kipindi cha dakika 40 ilikuwa imekwenda. Sasa maswali ni sita, nayaandika jioni kwenye karatasi ya manila, nikiingia naibandika tu. Dakika tano wanaandika majibu kimya, bila kufungua notisi. Dakika tano nyingine kila mtu anajisahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine.

Sikusanyi, wala sirekodi alama. Siku niliyokusanya, walichunguliana. Nilipoacha, asiyejua alianza kuacha nafasi wazi, na nafasi hizo ndizo ninazozitafuta ninapopita kati ya madawati.

Maswali mawili ni ya kipindi kilichopita, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, na la mwisho linaunganisha mada. La mwezi uliopita ndilo gumu kuliko yote. Abushiri alinyongwa mji gani? Nilipowapa miji minne wachague, karibu darasa zima lilipata Pangani. Nilipoondoa machaguo, wengi walikwama. Kumbe walikuwa wanalitambua jina wakiliona, kulitoa kichwani ni kazi nyingine. Tangu hapo siweki machaguo.

Jumanne hii swali la tano ndilo lililonifunza. Niliuliza: "Nini kilisababisha Vita vya Majimaji?" Wanafunzi 19 kati ya 46 waliandika "maji ya Kinjikitile". Nilisimama nyuma ya dawati moja nikaona msichana ameandika hivyo kwa mwandiko safi, akapiga mstari chini kabisa, ana uhakika. Jina la vita lenyewe linawavuta huko. Dawa ya maji iliwapa watu ujasiri na kuunganisha makabila yaliyokuwa mbalimbali, lakini uchungu ulikuwapo kabla yake: kulimishwa pamba kwa lazima kwa ujira mdogo mno, kodi, viboko.

Kwa hiyo Alhamisi nilibadilisha swali: "Julai 1905 watu wa Nandete, Umatumbini, waling'oa pamba shambani. Walikuwa wanakataa nini?" Safari hii waliotaja maji walikuwa wanne tu. Sijafurahi sana bado, maana swali lenyewe linawaonyesha pamba, na tulikuwa tumelijadili juzi tu.

Nitalirudisha baada ya wiki tatu likiwa na sura nyingine: "Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905, vita vikaendelea hadi 1907. Kwa nini havikuisha naye?" Hapo hakuna pamba wala kodi ya kudokolea. Jibu ninalotaka ni sentensi mbili, kwa hiyo siku hiyo nitapunguza maswali yawe matano. Nimeshaliandika nyuma ya andalio la somo ili nisilisahau.