Wiki ya ofa, panga mzigo kinyume

Waendesha boda wenzangu wa Kampala, kampuni ikitangaza ofa ya kupeleka vifurushi bure, sanduku hujaa. Tuseme unatoka katikati ya jiji kwenda Nakawa, Ntinda, kisha Kiwatule. Cha Kiwatule kiingie kwanza, cha Nakawa kikae juu, usije ukapekua mzigo kando ya Barabara ya Jinja magari yakikupita. Ila kizito kikae chini daima, karibu na mgongo wako, hata kama ni cha kwanza kushuka. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, tairi la mbele hupungukiwa na mshiko. Utajua kwenye foleni: ukienda polepole usukani unayumba. Simama, upange upya kabla ya kujipenyeza.