Kumbukumbu ya mradi: maji ya Ziwa Viktoria yalifika wapi Kisumu mwaka 2020, na yaligusa majengo mangapi

Ziwa linarahisisha kazi hii kwa sababu uso wake ni karibu tambarare, hivyo kimo kimoja cha maji kinatosha ufuko wote wa Kisumu. Mtoni hesabu hii haifai. Maji ya Nyando yanateremka kuelekea ziwani, na ukiyapa kimo kimoja utazamisha sehemu za chini kupita kiasi na kuacha za juu zikiwa kavu.

Kimo cha maji

Kipimo cha kimo cha ziwa kilichoko Jinja, Uganda, kilisoma takriban m 12.00 mwanzoni mwa Oktoba 2019, kikafika m 13.32 mwishoni mwa Aprili 2020. Yaani maji yalipanda m 1.32. Kishawishi ni kuchukua usomaji wa Jinja, kuujumlisha na mwinuko wa sifuri ya kipimo, kisha kuulinganisha moja kwa moja na ramani ya mwinuko. Tatizo ni kwamba sifuri ya Jinja na data ya mwinuko ya Copernicus GLO-30 hazianzii kwenye msingi mmoja. Data hiyo inahesabiwa kutoka EGM2008, kielelezo cha usawa wa bahari, na hapa tofauti ya nusu mita tu inaharibu kila kitu.

Njia salama ni kutumia ziwa lenyewe. Katika GLO-30 uso wa maziwa umesawazishwa, kwa hiyo bofya seli yoyote katikati ya Ghuba ya Winam usome mwinuko wake, halafu ongeza kiasi ambacho maji yalipanda. Picha za rada zilizotumika kutengeneza GLO-30 zilipigwa kati ya Desemba 2010 na Januari 2015. Tafuta wastani wa Jinja wa miaka hiyo, kisha uutoe kwenye 13.32. Tuseme wastani ni 12.00 na seli za ziwa zinasoma 1134.00: kimo cha kutumia ni 1135.32.

Kujaza maji

Ukichagua tu seli zote zilizo chini ya kimo hicho, utapata pia mashimo na machimbo ya bara yasiyounganika na ziwa. Katika programu ya ramani ya GRASS, `r.lake` huanzia nukta moja majini na kusambaa kwenye seli zinazogusana tu:

```
g.region raster=dem
r.lake elevation=dem water_level=1135.32 lake=gharika coordinates=34.70,-0.15
```

Matokeo ni kina cha maji kwa kila seli.

Mtego mkubwa wa Kisumu ni mafunjo. GLO-30 hupima kilele cha kilichopo, si ardhi, kwa hiyo ukanda wa mafunjo wa Dunga unaonekana kama tuta, na `r.lake` inagonga hapo na kusimama. Utaligundua kosa hili ukiona mpaka wa mafuriko unafuata ukingo wa mafunjo huku nyuma yake kuna ardhi ya chini iliyobaki kavu. Linganisha matokeo na yale ya kuchagua seli bila kudai ziunganike. Pale yanapotofautiana nyuma ya mafunjo, endesha `r.lake` tena kwa nukta ya upande wa pili, kisha unganisha matokeo. FABDEM, toleo la GLO-30 lililopunguziwa miti na majengo, husaidia, lakini sitaiamini kwenye mafunjo bila kuikagua.

Majengo

Nimetumia Google Open Buildings, nikiacha yenye `confidence` chini ya 0.75. Seli ya GLO-30 ina takriban m² 900, nyumba nyingi hazifiki hata robo yake. `v.rast.stats` huweza kuziruka nyumba ambazo hazifuniki kitovu cha seli yoyote, na idadi inashuka bila onyo. Tumia nukta za katikati ya majengo:

```
v.db.addcolumn map=nyumba columns="kina double precision"
v.what.rast map=nyumba raster=gharika column=kina
db.select sql="SELECT COUNT(*) FROM nyumba WHERE kina > 0"
```

Paa nalo huinua seli, hasa penye mabati yaliyosongamana, na majengo yanaonekana makavu. Kwa hiyo idadi ya GLO-30 huelekea kuwa ndogo kuliko hali halisi. Kumbuka pia kwamba jiko na choo cha nje vinaweza kuhesabiwa kama majengo: hii si idadi ya kaya.

Kosa ni kubwa kiasi gani

Usahihi wa GLO-30 kati ya nukta jirani kwenye ardhi isiyo na mwinamo mkali unatajwa kuwa chini ya m 2 (kwa asilimia 90), na sisi tunatafuta m 1.32! Kwa hiyo idadi moja haina maana bila ukaguzi. Chukua picha ya rada ya Sentinel-1 ya mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei 2020, chora ukingo wa maji kwenye fukwe zilizo wazi pekee (mafunjo yaliyozama hung'aa kwenye rada badala ya kuwa meusi), kisha soma mwinuko wa GLO-30 kando ya mstari huo. Thamani ya kati ikiwa mbali na 1135.32, sogeza kimo kwa tofauti hiyo. Mtawanyiko wa thamani zenyewe ndio ukubwa wa kosa: endesha `r.lake` kwenye robo ya chini na robo ya juu ya thamani hizo, uripoti idadi mbili za majengo badala ya moja. Kwenye tambarare ya Nyando idadi hizo zinaweza kuachana sana, kwani nusu mita ya kimo inasogeza ukingo wa maji mbali. Kwenye miteremko ya upande wa magharibi wa mji hazitaachana hivyo.

Kinachofuata ni kurudia hesabu kwa FABDEM na kulinganisha eneo la Dunga pekee.