Siku moja maishani mwangu: usiku wa kuandika upya wasifu

Saa 1:30 asubuhi. Alhamisi ni siku ya kuhesabu mali ghalani. Kwenye rafu ya tatu, kadi inasema katoni 46 za betri, lakini mimi naona 48. Nahesabu tena, zinabaki 48. Nafungua daftari la marejesho: katoni mbili zilirudishwa na mteja jana jioni, zikapangwa rafuni, kadi haikuguswa. Narekebisha kadi, natia sahihi, naendelea.

Mchana unapita kwa kupokea mzigo na kupanga.

Saa 10 jioni. Napigiwa simu. Usaili wangu wa usimamizi wa ghala ni kesho saa 3, nije na nakala tatu za wasifu. Ruhusa nilishaomba, kwa hiyo kilichobaki, nadhani, ni kuchapisha tu.

Saa 2 usiku. Nafungua faili nililotuma mwezi uliopita na kuliweka kando ya tangazo la kazi. Chini ya kazi yangu ya sasa nimeandika: "Kutunza kumbukumbu za ghala na majukumu mengine niliyopangiwa." Nasoma mara tatu. Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na mtu yeyote aliyewahi kushika kalamu ghalani. Tangazo linataka mtu anayeweza kudhibiti tofauti za hesabu, na mimi asubuhi tu nimetoka kufanya hivyo.

Saa 3 usiku. Natoa karatasi zangu za hesabu za kila wiki. Kabla sijaanzisha daftari la marejesho, wiki moja tulikuta bidhaa 27 ambazo kadi na rafu havikukubaliana. Miezi minne baadaye zilikuwa 6. Nafuta sentensi ya zamani, naandika: "Nilianzisha daftari la bidhaa zinazorudishwa, tofauti katika hesabu ya wiki zikapungua kutoka 27 hadi 6 ndani ya miezi minne." Ni mstari mmoja, lakini umenichukua karibu saa nzima, kwa sababu sikutaka kuweka namba nisiyoweza kuieleza nikiulizwa ilipatikanaje.

Saa 4 usiku. Tangazo linataja pia taarifa za mwezi. Naandika "Niliandaa", kisha kidole kinasita. Sijawahi kuandaa taarifa hiyo peke yangu. Nabadilisha: "Nilimsaidia msimamizi kuandaa taarifa ya mwezi, kwa kukusanya takwimu za mali iliyoingia na kutoka." Neno limepungua ukubwa, ila swali lolote litakalofuata nalimudu.

Saa 5 usiku. Hapa ndipo moyo unaposhtuka. Juu kabisa nilijitambulisha kuwa na "uzoefu wa zaidi ya miaka minne", na kazi ya kwanza niliiandika "2021–2023". Natoa mkataba na barua ya kuacha kazi: Novemba 2021 hadi Februari 2023. Hiyo ni miezi 16. Kazi ya sasa nilianza Juni 2023, na Mei hii ya 2025 inatimiza miezi 24. Jumla ni 40, yaani miaka mitatu na miezi minne. Miaka niliihesabu kwa kuitazama tu, bila miezi. Narudi kwenye tangazo: wanataka miaka mitatu. Ukweli wenyewe ulikuwa unatosha tangu mwanzo!

Tatizo ni kwamba wasifu wa zamani wanao mezani. Dada yangu, aliyekuwa bado macho, anasoma zote mbili kimya.

"Mdogo wangu, wakizilinganisha watasemaje?"

"Watauliza kwa nini miaka imepungua."

"Basi usiwasubiri wakuulize."

Saa 6 usiku. Naandika miezi kwenye kila kazi, na ile nafasi ya Machi hadi Mei 2023 inabaki wazi pale pale, kwa sababu nilikuwa natafuta kazi na sina cha kuificha. Vyeo na majina ya waajiri siyagusi. Yabaki kama yalivyo kwenye nakala ya kwanza.

Saa 7 usiku. Nahifadhi kama PDF, nalifungua faili kwenye simu kuona kama mistari imekaa sawa. Tarehe ya mwisho imerukia ukurasa wa tatu ikiwa peke yake. Napunguza nafasi kati ya aya, zinarudi kurasa mbili. Nachapisha nakala tatu na moja yangu.

Saa 7:40 usiku. Naweka karatasi kwenye bahasha. Kisha nasimama katikati ya chumba nikirudia kwa sauti ya chini: "Kabla hatujaanza, naomba kusahihisha jambo moja kwenye wasifu niliotuma." Mara ya kwanza sauti inatetemeka. Mara ya nne inatoka sawasawa, nami nazima taa.